Mbegu ile ile, bahati tofauti

Chukua programu ya takwimu iitwayo R, uiambie ichague namba tatu kwa nasibu kati ya 1 na 10:

```
set.seed(123)
sample(1:10, 3)
```

Hiyo 123 ndiyo mbegu, namba inayoanzisha bahatinasibu ili kila anayerudia apate matokeo yale yale. Kwenye R 3.5 utapata 3, 8, 4. Kwenye R 3.6.0, iliyotoka Aprili 2019, utapata 3, 10, 2. Mbegu haikuguswa. Kilichobadilika ni njia ya kuchagua, kwa kuwa ile ya zamani iliegemea upande kidogo pale orodha inapokuwa kubwa mno.

Sasa fikiria ni wagonjwa wanaogawiwa dawa. Msomaji aliyepewa mbegu bila toleo atapata makundi mengine, adhani data imechezewa. Kumbe angejua toleo, angerudisha njia ya zamani kwa amri moja:

```
RNGkind(sample.kind = "Rounding")
```

Kwa hiyo sehemu ya mbinu iseme wazi: “Tulitumia R 4.3.1, kifurushi cha mice 3.16.0, mbegu 123.” Matoleo yote huonyeshwa na `sessionInfo()`. Iandike siku ile ile ya uchambuzi, kabla kompyuta haijasasishwa.