Kiinua Mgongo cha Dubai Hufuata Mshahara wa Msingi

Wakala akimwambia kijana wa Likoni kuwa Dubai kuna kazi ya ulinzi ya dirham 2,000 kwa mwezi, huenda asiwe amemdanganya. Pesa hizo kweli zitaingia benki. Ila siku ya kuagana na kampuni, hesabu ya kiinua mgongo haitaanza na 2,000. Itaanza na namba nyingine iliyoandikwa kwenye mkataba uleule, mstari mmoja au miwili juu yake: mshahara wa msingi.

Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu iliyoanza kutumika Februari 2022 inasema hivi. Mfanyakazi wa kigeni aliyetimiza mwaka mmoja hulipwa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka wa ile mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Miezi inayozidi baada ya mwaka wa kwanza hulipwa kwa uwiano wake. Jumla haivuki mshahara wa miaka miwili. Posho ya nyumba, ya usafiri na ya chakula hazimo.

Tuchukue mlinzi huyo. Mkataba wake unasema msingi ni dirham 1,200 na posho 800. Amefanya kazi miaka sita na miezi mitatu. Msingi ukigawanywa kwa 30, siku moja ni dirham 40. Siku 21 zinatoa 840, na kwa miaka mitano ni 4,200. Mwaka wa sita anapata mshahara mzima wa msingi, 1,200. Miezi mitatu iliyobaki ni robo ya hapo, yaani 300. Jumla ni dirham 5,700. Kama zile 2,000 zote zingekuwa msingi, angeondoka na 9,500. Kampuni haikumwibia hata dirham moja. Tofauti ya 3,800 iliamuliwa siku alipotia sahihi kabla ya kupanda ndege. Ndiyo maana mimi huona swali la kwanza kwa wakala liwe la msingi, na barua ya ofa ilinganishwe na mkataba wenyewe mstari kwa mstari.

Msingi unaotumika ni ule wa mwisho, nao hupigiwa miaka yote ya nyuma. Mlinzi wetu akiongezewa 300 kwenye msingi katika mwaka wake wa mwisho, hata mwaka wake wa kwanza utahesabiwa kwa 1,500. Wahasibu wa kampuni wanalijua hilo vizuri sana, na nyongeza nyingi huishia kwenye posho. Balaa kubwa zaidi ni mkataba wa kuhuisha unaoacha jumla ileile lakini unaushusha msingi kimyakimya. Mshahara wa mwezi hautaonyesha lolote. Kinachoonyesha ni mkataba uliosajiliwa wizarani, ambao mfanyakazi anaweza kuufungua kwenye programu ya simu ya MOHRE, yaani wizara ya kazi ya huko.

Kitu kingine kinachopunguza hesabu ni siku za kutokuwepo kazini bila malipo. Aliyeomba miezi miwili bila mshahara ili kumuuguza mzazi, miezi hiyo haihesabiwi. Mlinzi wetu angeshuka hadi 5,500. Kuacha kazi mwenyewe, kwa upande mwingine, hakupunguzi tena kitu. Chini ya sheria ya zamani aliyejiuzulu mapema aliweza kukatwa theluthi mbili, na bado wapo wasimamizi wanaowatishia watu kwa kanuni hiyo iliyokwisha kufa. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, kwa hiyo dada anayekwenda kulea watoto asitegemee hesabu hii. Asome mkataba wake.

Kampuni ina siku 14 tangu mkataba kwisha kulipa kila kitu: kiinua mgongo, mshahara uliobaki, na siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa. Hapo ndipo wengi hupotelea. Ili viza ifutwe, mfanyakazi huwekewa karatasi ya kutia sahihi, na ndani yake mna maneno kuwa amekwisha kupokea haki zake zote. Anaambiwa pesa zitafuata. Akishatia sahihi, karatasi hiyo ndiyo ushahidi dhidi yake. Mwombe karani mchanganuo wa malipo ulioandikwa, ulinganishe na hesabu yako, na usitie sahihi kabla pesa hazijaonekana kwenye akaunti.

Wakikataa, malalamiko hupelekwa wizarani ukiwa bado nchini, viza ikiwa hai na mkataba, taarifa za benki na barua ya kuacha kazi vikiwa mkononi. Dai halifi siku ile ile, kwani sheria inatoa miaka miwili tangu kazi kwisha. Lakini aliyekwisha kurudi Mombasa atahitaji mtu wa kumwakilisha huko kwa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, na gharama yake inaweza kuila nusu ya dirham 5,700.