Zawadi kwa Rafiki Aliyeanza Kupika Bia Nyumbani

Rafiki yangu anayeishi Leeds ameanza kupika bia nyumbani. Kwa Uingereza hilo si kosa: tangu 1963 mtu anaruhusiwa kupika bia yake bila leseni wala kodi, mradi asiiuze. Amenunua seti ya wanaoanza, yaani ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kopo la rojo la kimea lililokwisha kutiwa hopsi, na kipakiti cha hamira. Vitu hivyo vinatosha kutoa bia. Anachokosa ni namna ya kujua kinachoendelea ndani ya ndoo baada ya kuifunika, na hapo ndipo zawadi isiyofika pauni 30 inapoweza kumfaa kuliko bilauri za mapambo.

Cha kwanza ni haidromita. Ni kibomba chembamba cha kioo chenye uzito chini na namba shingoni, kinachoelea ndani ya kimiminika. Waliowahi kupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika watakitambua upesi, kwa kuwa laktomita ni ndugu yake. Kwenye maji matupu husoma 1.000. Kwenye maji ya kimea yenye sukari nyingi huelea juu zaidi, na kadiri hamira inavyogeuza sukari kuwa pombe, ndivyo kinavyozama.

Mpishi mgeni asiye nacho hutazama mapovu ya kizibo cha hewa: yakikoma, anaamini bia imeiva. Mapovu hudanganya. Huenda mfuniko unavuja na gesi inatokea pembeni. Huenda chumba kimepoa usiku na hamira imelala. Tuseme siku ya kupika alisoma 1.044, na baada ya wiki mapovu yamekoma lakini haidromita inasema 1.018. Bia hiyo bado. Mtu akiijaza kwenye chupa na kuongeza sukari ya kutia gesi, ambayo kwa kawaida ni gramu 6 hivi kwa lita, hamira itaamka na kula ile iliyosalia pia. Gesi itazidi mno, na chupa ya kioo inaweza kupasuka kabatini au mkononi mwa mtu. Dawa yake ni kuihamishia ndoo mahali penye joto la nyuzi 20 hivi na kungoja. Namba ikishuka hadi 1.010, kisha ikabaki hapo baada ya siku mbili au tatu, kazi imekwisha. Tena atajua nguvu ya bia yake: 1.044 kutoa 1.010 ni 0.034, mara 131, ni karibu asilimia 4.5.

Ukinunua haidromita, nunua na silinda yake ndefu ya plastiki, maana bila hiyo mtu hulazimika kuielesha ndani ya ndoo yenyewe. Kioo chake ni chembamba mno. Mimi ningechagua iliyo na kasha gumu.

Cha pili ni dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji kusuuzwa, pamoja na chupa ya kupulizia. Wengi huchanganya kuosha na kuua vijidudu. Dawa haipenyi utando wa kimea uliokauka, hivyo ndoo huoshwa kwanza mpaka ing'are, bila kuikwangua kwa sifongo gumu, kwani mikwaruzo ndiyo maficho ya bakteria. Dawa ya aina ya asidi huchanganywa kama mililita 1.5 kwa lita moja ya maji, hupulizwa, na huachwa dakika moja au mbili. Povu lake halidhuru bia. Bia iliyoingiliwa huota ukoga mweupe juu, au hunuka siki.

Pesa ikibaki, ongeza ukanda wa kipimajoto wa kubandika nje ya ndoo. Hamira ikiwa kazini hutoa joto, na ndani huweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Hamira nyingi za bia za kawaida hupendelea 18 hadi 22. Ikipanda sana, bia huwa na ladha kali ya pombe.

Kwenye kasha, weka barua fupi. Yangu inasema hivi:

“Ndugu yangu, hongera kwa ndoo ya kwanza. Pima kabla hujatia hamira, uandike namba kwenye mfuniko. Ile bia ya kupimia usiirudishe ndoo. Inywe, utajua inavyobadilika. Izungushe haidromita kidogo ili mapovu yasiibebe, kisha soma kwenye usawa wa bia, si pale inapopanda kioo. Chochote kitakachogusa bia iliyopoa, kipulizie dawa: mwiko, mpira, hata bomba la kopo. Na usijaze chupa hata moja mpaka namba ijirudie.”