Waipsi za chooni: Ngozi yawasha, bomba laziba

JUMAPILI moja asubuhi, mpangaji wa keja ya chini kabisa kwenye ploti yetu alifungua mlango wa choo akakuta maji machafu yamepanda hadi sakafuni. Yeye hakuwa ametumia choo usiku huo. Sisi wa ghorofa za juu ndio tulikuwa tumeflashi.

Fundi alikuja na waya mrefu wa chuma uliopinda ncha kama ndoana. Akafungua menholi, lile shimo la mfuniko wa saruji nje ya ploti, akausukuma waya ndani ya bomba, akauzungusha, kisha akavuta. Kilichotoka hakikuwa pedi wala nepi, kama keteka alivyoshuku. Ilikuwa kamba nene ya kijivu, imesokotana na nywele na mafuta ya kupikia yaliyoganda. Alipoimwagia maji kila mtu akaitambua: waipsi. Zile zile ambazo pakiti yake inasema ziko sawa kuflashiwa.

Sasa, kwa nini tishu hupita na waipsi hukwama?

Jibu liko kwenye nyuzi. Tishu ya choo hutengenezwa kwa nyuzi fupi za mti zilizoshikana kwa nguvu kidogo tu. Maji yakiingia kati yake zinaachana, na karatasi inageuka kuwa kama uji mwepesi. Waipsi ni kitu kingine kabisa. Lazima ikae kwenye maji ndani ya pakiti kwa miezi bila kusambaratika, kwa hivyo nyuzi zake huwa ndefu na husokotwa pamoja. Nyingi zina plastiki ndani yake. Hata zile zisizo na plastiki, zilizotengenezwa kuachana majini, huhitaji muda na msukosuko mwingi kuliko tishu.

Unaweza kujionea mwenyewe. Baada ya kisa kile nilichukua chupa tatu tupu za jemu, nikazijaza maji hadi robo tatu. Ya kwanza niliweka vipande viwili vya tishu ya choo, ya pili kipande cha tishu ya jikoni, ya tatu waipsi moja. Nikafunga, nikatikisa kila moja kwa nusu dakika. Tishu ya choo ilikuwa tayari imegeuka vumbi jeupe linaloelea. Ile ya jikoni ilibaki nzima, kwa sababu huwekwa dawa ya kuifanya isiraruke ikilowa. Waipsi nayo? Niliiacha usiku kucha, asubuhi nikaitoa, nikaikamua. Ingeweza kufuta meza.

Hapo ndipo utaona ujanja ulio kwenye lile neno la pakiti. Kupita kwenye choo chako si kazi. Hata soksi itapita ukimwaga maji ya kutosha. Shida iko mbele. Kwenye jengo la ghorofa, bomba la inchi 4 huteremka wima kutoka juu, na huko kila kitu huanguka chenyewe. Likifika chini linapiga kona na kulala, na maji yanapunguza mwendo. Waipsi hunasa kwenye kona au kwenye kiungo kibaya. Inayofuata inanasa kwa ya kwanza. Mafuta kutoka sinki yakikutana nazo yanagandia hapo. Halafu mtu wa ghorofa ya nne anaflashi, maji yanakosa njia, yanatafuta choo kilicho karibu zaidi, yaani cha mse wa chini.

Mgao wa maji huzidisha mambo. Siku ambazo mfereji umekauka na unamwaga nusu ndoo ili usimalize akiba, uchafu hausafiri mbali.

Na si sisi tu. Mwaka wa 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, wafanyakazi walikuta bonge la mafuta na waipsi lenye urefu wa mita 250 na uzani wa tani 130. Uingereza ilikuwa na mpango wa nembo maalum kwa waipsi zilizopita mtihani wa kuachana majini, ulioanza 2019. Kufikia 2024 kampuni za maji ziliuacha kwa sababu uliwachanganya watu. Ujumbe ukabaki mmoja: waipsi zote ni za pipa.

Lakini si ni laini kwa ngozi?

Hapo pia kuna mtego. Kwa kuwa waipsi ina unyevu, lazima iwekwe dawa ya kuzuia kuvu na bakteria. Mojawapo, ambayo kwenye pakiti huandikwa methylisothiazolinone, ilisababisha mzio kwa watu wengi hivi kwamba chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitaja kuwa kizio cha mwaka 2013. Ulaya baadaye iliipiga marufuku kwenye vipodozi visivyosuuzwa. Tatizo ni kwamba waipsi haisuuzwi. Unajifuta, unavaa, dawa na manukato vinabaki pale palipojikunja na kufungiwa siku nzima. Ngozi ikianza kuwasha unadhani hujajisafisha vizuri, unaongeza waipsi, inawasha zaidi. Ukiacha kwa wiki mbili na muwasho ukapungua, umempata mshukiwa.

Tishu kavu nayo ina lawama zake, ila nyingi hutokana na mkono. Ile ya bei nafuu, ya tabaka moja, mara nyingi hutokana na karatasi zilizotumika. Nyuzi zake ni fupi zaidi, kwa hivyo bomba linaipenda, lakini ni kavu na hukwaruza. Ya tabaka mbili au tatu ni laini, na bado huyeyuka, mradi usiviringe nusu roli kwa mara moja. Epuka yenye rangi na manukato. Na usisugue. Wahenga walishatuonya kuhusu kuchamba kwingi. Wanaojua methali hiyo wataimalizia wenyewe.

Kisha kuna maji. Ukienda Mombasa au Lamu, utakuta kopo au birika kando ya choo, na mwenyeji atakushangaa ukiulizia tishu. Kwa ngozi, wapwani wametushinda. Maji huondoa uchafu bila kusugua na hayaachi dawa yoyote. Yatosha chini ya lita moja, yawe baridi au vuguvugu, bila sabuni, maana sabuni hukausha sehemu hiyo. Mimina kwa mkono wa kulia, jisafishe kwa kushoto. Wanawake waanzie mbele kuelekea nyuma. Kisha jikaushe kwa kugusagusa na vipande viwili vya tishu au kitambaa chako binafsi, kwa sababu unyevu ukibaki nao huwasha. Nawa mikono kwa sabuni. Kama una kile kimpira cha kunyunyizia, fungua kidogo. Presha kali huumiza.

Ukiwa kazini ambako hakuna kopo, lowesha tishu kidogo kwenye sinki kabla ya kuingia. Inafanya kazi ya waipsi, na inayeyuka. Ukiona damu, au muwasho ukidumu licha ya haya yote, muone daktari.

Kwetu, keteka ameweka pipa lenye mfuniko katika kila choo, na gharama ya fundi tuligawana sote, hata yule wa chini. Yeye hakufurahi. Nami sikumwambia kwamba pakiti moja ilikuwa yangu.