Hatua Mbili Zinazoutunza Mti wa AA

Ipe kompyuta namba 1 hadi 7, moja baada ya nyingine, uiagize izipange katika mti wa kawaida wa utafutaji. Kanuni ya mti huo ni nyepesi: kila namba hukaa kwenye nodi yake, iliyo ndogo hupelekwa kushoto na iliyo kubwa hupelekwa kulia. Basi 2 itakaa kulia kwa 1, 3 itakaa kulia kwa 2, na hivyo hivyo hadi 7. Kinachobaki ni mnyororo mmoja ulioinamia kulia, na anayeitafuta 7 hana budi kuzipitia namba zote saba. Zikiwa milioni moja, atazipitia milioni moja. Hali hii hutokea mara nyingi, kwa kuwa data nyingi huingia zikiwa zimeshapangwa: namba za risiti, tarehe, majina yaliyoandikwa kwa alfabeti.

Dawa ya ugonjwa huu ilijulikana zamani. Mwaka 1972 Rudolf Bayer alieleza aina ya mti unaojisawazisha wenyewe, na mwaka 1978 Leo Guibas na Robert Sedgewick wakaupa sura ya rangi, nyekundu na nyeusi, inayofundishwa vyuoni hadi leo. Mti mwekundu-mweusi unafanya kazi vizuri sana. Ndio uliomo ndani ya `TreeMap` ya lugha ya Java. Shida yake iko kwa anayeuandika. Kila nodi inapoingia au kutoka, mwandishi wa programu hupaswa kuuliza mjomba ni wa rangi gani, ndugu ni wa rangi gani, mtoto amekaa upande upi, na kila jibu lina tiba yake. Kufuta nodi ndiko kunakowatesa wengi zaidi.

Mwaka 1993 Arne Andersson, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta kutoka Sweden, alipendekeza sharti moja la ziada: nodi nyekundu isiruhusiwe kamwe kuwa mtoto wa kushoto. Kwa sharti hilo, nusu ya hali zilizokuwa zikichunguzwa zinatoweka. Mti huo ukaitwa AA, kwa herufi za mwanzo za jina lake.

Badala ya rangi, kila nodi ya mti wa AA hubeba namba ya ngazi. Nodi zilizo chini kabisa ziko ngazi ya 1. Mtoto wa kushoto lazima awe ngazi moja chini ya mzazi wake. Mtoto wa kulia anaweza kuwa ngazi moja chini, au akalingana na mzazi. Wakilingana, kiungo kati yao huitwa cha mlalo. Viungo viwili vya mlalo haviruhusiwi kufuatana, na nodi yoyote iliyo juu ya ngazi ya 1 lazima iwe na watoto wawili.

Masharti hayo yanaweza kuvunjwa kwa namna mbili tu wakati wa kuingiza nodi. Ama kiungo cha mlalo kimetokea kushoto, ama viwili vimefuatana kulia. Kosa la kwanza hurekebishwa na `skew`, inayoizungusha jozi ili kiungo kihamie kulia. La pili hurekebishwa na `split`, inayomnyanyua wa katikati ngazi moja juu, wenzake wawili wakabaki chini yake kushoto na kulia.

```
def skew(t):
    if t.left.level == t.level:
        k = t.left
        t.left = k.right
        k.right = t
        return k
    return t

def split(t):
    if t.level > 0 and t.right.right.level == t.level:
        k = t.right
        t.right = k.left
        k.left = t
        k.level += 1
        return k
    return t
```

Turudi kwenye namba zetu saba. Zinapoingia 1, 2 na 3, zote ziko ngazi ya 1 na viungo viwili vya mlalo vimefuatana. `split` inampandisha 2 ngazi ya 2, na 1 na 3 wanakuwa watoto wake. Anaingia 4 kulia kwa 3, hakuna kosa. Anaingia 5, mlolongo wa 3, 4, 5 unavunjwa, na 4 anapanda ngazi ya 2, sawa na mzazi wake 2. Anaingia 6, mambo shwari. Anaingia 7: 6 anapanda ngazi ya 2, na sasa 2, 4 na 6 wamelala mstari mmoja huko juu. `split` inafanya kazi tena, safari hii kwenye mzizi, na 4 anapanda ngazi ya 3. Kushoto kwake yuko 2 akiwa na 1 na 3. Kulia yuko 6 akiwa na 5 na 7. Namba zile zile, kwa mpangilio ule ule uliozaa mnyororo, zimetoa mti uliokaa sawasawa.

Je, zikija kinyume, 3, 2, 1? Anapoingia 2 kushoto kwa 3, wote wako ngazi ya 1, basi `skew` inamweka 2 juu na 3 kulia kwake. Anaingia 1 kushoto kwa 2. `skew` inazungusha tena na kuacha mlolongo wa 1, 2, 3. `split` inaupokea mlolongo huo na kumpandisha 2. Hapa ndipo utaratibu unapojidhihirisha: `skew` hutangulia, `split` hufuata. Mtu akizigeuza, `split` itapita bila kuona kosa, kisha `skew` itaunda mlolongo uliokatazwa na hakuna atakayeuvunja.

Kufuta kunahitaji uangalifu zaidi, lakini hakuna zana mpya. Tumfute 1 kwenye mti wetu wa namba saba. 2 amebaki bila mtoto wa kushoto, kwa hiyo hawezi kukaa ngazi ya 2. Anashuka hadi ya 1, na 3 anakuwa mwenzake wa mlalo. Huko juu, 4 wa ngazi ya 3 sasa ana mtoto wa kushoto aliye ngazi ya 1, basi naye anashuka hadi ya 2 na kulingana na 6. Masharti yote yametimia bila mzunguko hata mmoja. Haiwi rahisi hivyo kila mara. Nodi ikishuka pamoja na mwenzake wa mlalo, wajukuu wa upande wa kulia wanaweza kujikuta wote kwenye ngazi ile ile. Ndiyo maana baada ya kushusha ngazi huitwa `skew` mara tatu, kwenye nodi yenyewe, kwenye mtoto wake wa kulia na kwenye mjukuu wa kulia, kisha `split` mara mbili.

Makosa ya uandishi hujificha sehemu mbili hasa. Pasipo na mtoto huwekwa nodi maalumu, tuiite `bottom`, yenye ngazi 0 na inayojielekeza yenyewe pande zote. Sharti la `t.level > 0` ndani ya `split` linailinda: bila sharti hilo, `bottom` ikifikiwa wakati wa kufuta hupandishwa ngazi ya 1, na kila nodi ya chini mtini huonekana imekosea kwa mpigo mmoja. Sehemu ya pili ni jibu la kazi hizi. Kila mzunguko hurejesha mzizi mpya wa kipande kile, kwa hiyo lazima iandikwe `t = skew(t)`. Akiandika `skew(t)` peke yake, nodi iliyopanda inapotea, na utafutaji unakosa namba iliyoingizwa dakika moja tu iliyopita. Kipimo cha kuaminika ni kuandika kazi ndogo inayotembea mti mzima na kuhakiki masharti ya ngazi baada ya kila kuingiza na kila kufuta. Hapo hitilafu hukamatwa kwenye hatua ile ile ilikozaliwa.

Kwa upande wa kasi ya kutafuta, hesabu yake ni ya kuridhisha. Mti wenye namba milioni moja hauwezi kuzidi ngazi 19, na njia ya kushuka hupita nodi mbili kwa wingi katika kila ngazi. Anayetafuta hulinganisha namba zisizozidi 38, hata bahati ikimwendea vibaya kabisa.

Gharama iko kwenye mabadiliko. Mti mwekundu-mweusi ukiandikwa kwa ustadi hufuta nodi kwa mizunguko isiyozidi mitatu, huku wa AA ukiweza kuzungusha tena na tena njia nzima hadi kwenye mzizi. Kwa hiyo mfumo unaoingiza na kufuta mamilioni ya vitu kila dakika utanufaika zaidi na ule wa rangi, hasa maktaba ya lugha inapokuwa nao tayari. Anayelazimika kuuandika mwenyewe kuanzia mwanzo, akataka kila mstari wake aweze kuutetea, wa AA ndio wa kuanza nao.