Kuhakiki Hesabu ya Daraja la Rezista kwa SPICE

Daraja la Wheatstone lisilo na mizania huwasumbua wanafunzi wa umeme kwa sababu rezista yake ya katikati haiko mfululizo wala sambamba na nyingine yoyote. Ule mtindo wa kuunganisha rezista mbili mbili mpaka ibaki moja hapa hugonga ukuta. Inabidi kutumia kanuni ya Kirchhoff: mkondo unaoingia kwenye makutano ni sawa na unaotoka.

Tuseme betri ni ya volti 10. Makutano 1 ni upande wake chanya, 0 ni athi, 2 na 3 ni ncha mbili za rezista ya katikati. Kanuni hiyo hutupa milinganyo miwili:

```
7*V2 - 3*V3 = 30
7*V3 - 3*V2 = 10
```

Jibu ni volti 6 kwenye makutano 2 na volti 4 kwenye makutano 3. Sasa tuihoji SPICE, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila kifaa hupewa mstari wake: jina, makutano mawili, kisha thamani.

```
Daraja la rezista
V1 1 0 10
R1 1 2 1k
R2 2 0 3k
R3 1 3 3k
R4 3 0 1k
R5 2 3 1k
.op
.end
```

Hifadhi faili kwa jina `daraja.cir`, kisha andika `ngspice -b daraja.cir`. Amri ya `.op` hutafuta volti na mikondo saketi ikiwa imetulia. Utaona 6 na 4, na mkondo wa `V1` ukiwa `-6.00000e-03`, yaani miliampia 6 zenye alama ya kutoa.

Alama hiyo huwashtua wengi, wakaanza kufuta hesabu iliyo sahihi. SPICE huhesabu mkondo kuwa chanya unapoingia kwenye chanzo kupitia ncha yake chanya. Betri inayolisha saketi huutoa mkondo kwenye ncha hiyo, ndiyo maana jibu ni hasi. Kwa mkono, miliampia 4 hupita R1 na 2 hupita R3: jumla ni 6 zile zile.

Majibu yakitofautiana, namna yanavyotofautiana huonyesha kosa liliko. Ukiwa umepata volti 7.5 na 2.5 kwa mkono, umeisahau R5. Volti zote zikiwa sifuri kwenye skrini, huenda hukuandika kichwa: SPICE huuchukulia mstari wa kwanza kuwa kichwa, kwa hiyo betri yako imemezwa. Na ukihitaji megaomu, andika `1meg`, kwani `1M` husomwa kama miliomu.

Lakini SPICE huitatua saketi uliyoiandika, haioni mchoro wako. Ukiusoma mchoro vibaya, hesabu na programu zitakubaliana katika kosa lile lile. Kwa hiyo, kabla ya kuendesha faili, fuata kila rezista kwenye mchoro kwa kidole na uilinganishe na mstari wake.