Mjerumani, Basi Mwongo?

Kila msimu wa kusahihisha mitihani ya historia nakutana na sentensi hii, au ndugu yake wa karibu: "Waraka huu hauaminiki kwa sababu aliyeuandika ni Mjerumani, kwa hiyo hauna manufaa." Mwanafunzi huwa ameiandika kwa uhakika, pengine akaipigia mstari. Inaniuma kuipa alama 2 kati ya 10, kwa sababu aliyeiandika ameanza vizuri. Amemtazama mwandishi kabla ya kuamini maneno yake. Alipokosea ni kusimama hapo.

Tuchukue waraka wenyewe. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Vita vya Majimaji vililipuka Julai 1905 Umatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba huko Nandete. Mwaka 1909, akiwa ameshaondoka, alichapisha Berlin kitabu kuhusu vita hivyo. Swali la mtihani linasema: kitabu hiki kina manufaa gani kwa mtu anayechunguza sababu za vita?

Kwanza asili ya waraka. Wanafunzi wengi hunakili jina, mwaka na mahali kutoka kwenye maelezo ya juu ya karatasi, wakadhani wamemaliza. Kunakili hakunipi cha kusahihisha. Ninachotafuta ni neno "kwa hiyo". Götzen ndiye aliyekuwa madarakani mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja ulipoanzishwa mwaka 1902, watu wakalimishwa kwa amri. Kwa hiyo, akikiri kwamba pamba ndiyo iliyowachosha watu, amejishtaki mwenyewe. Tena aliandika vita vikiwa vimekwisha, kwa ajili ya wasomaji wa Ujerumani. Kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kujisafisha mbele yao. Mwanafunzi aliyefika hapa ameacha kuhukumu taifa la mtu. Sasa anapima nafasi yake na maslahi yake.

Kisha kuaminika, na hapa ndipo majibu mengi huporomoka. Waraka mmoja unaweza kuaminika katika jambo hili na kutiliwa shaka katika jambo lile. Götzen anawabebesha waganga na dawa yao ya maji sehemu kubwa ya lawama. Hapo tunasita, kwa kuwa maelezo hayo yanaondoa macho kwenye pamba, kodi na viboko vya maakida. Lakini kitabu hichohicho kinaeleza waziwazi kwamba kuharibu vijiji na chakula cha wananchi kulikuwa njia ya kupigana. Kinamtaja hata ofisa wake mmoja, Wangenheim, aliyeshauri kwamba njaa ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Gavana aliyetaka kujisafisha angeyaficha haya kama angeyaona ni aibu. Hakuyaficha, kwa kuwa aliyaona ni mambo ya kawaida ya vita. Nikisoma ukurasa huo mwili hunisisimka, maana njaa ile iliua watu wengi kuliko risasi. Kwa jambo hilo kitabu chake ni ushahidi mzito.

Jibu linalogundua tofauti hiyo nalipa alama 7 bila kusita.

Maarifa ya nje ya waraka yanasaidia pale tu yanapoupima. Wapo wanaojaza ukurasa mzima kumsimulia Kinjikitile wa Ngarambe na jinsi alivyonyongwa Agosti 1905, halafu hawarudi kwa Götzen hata mara moja. Ni kweli tupu, lakini hazijibu swali. Mwingine anaandika mistari miwili tu: mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee, na wazee wa Umatumbi walizungumzia kazi ya shuruti kwenye pamba, jambo ambalo gavana analipunguzia uzito. Huyu ameupima waraka. Akiongeza kwamba wazee nao walikuwa wakikumbuka mambo ya zaidi ya miaka 60 iliyopita, namwongezea alama.

Yanabaki manufaa, ambayo hutegemea swali lililoulizwa. Kwa anayetaka kujua mkulima wa Nandete alichukia nini, kitabu cha Götzen kinatoa kidogo, na kidogo hicho kimepita mikononi mwa mtu mwenye kesi ya kujibu. Kwa anayetaka kujua serikali ilijieleza vipi kuhusu sababu za vita, huo upendeleo wake ndio ushahidi wenyewe.

Jibu bora kwa swali letu linaweza kuisha hivi: "Kitabu hiki hakituonyeshi vizuri kwa nini Wamatumbi waliinuka, lakini kinatuonyesha kwa nini gavana alihitaji sababu isiyomgusa yeye." Hapo kalamu yangu nyekundu huandika 9.