Kutetea Vitabu Vikongwe kwa Dakika Tano

Mada ikitangazwa kuwa fasihi ya zamani iendelee kufundishwa shuleni, mtetezi wa kwanza karibu kila mara huanza kwa kusema fasihi ni kioo cha jamii. Waamuzi wameisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na mpinzani naye hana haja ya kuipinga, maana hata riwaya iliyotoka mwaka jana ni kioo. Mtetezi anatakiwa aeleze kwa nini kitabu cha zamani kina kazi ambayo kipya hakiwezi kuifanya.

Kwanza na aweke mipaka ya mada. Hatetei vitabu vya zamani peke yake, anatetea visiondolewe. Asipolisema hilo mapema, wapinzani watamsukuma atetee jambo ambalo hakulisema, kwamba waandishi wa leo hawafai.

Kisha achague kitabu kimoja na akifungue mbele ya watu. Dakika tano hazitoshi kutaja vitabu kumi, ila zinatosha kwa Kusadikika ya Shaaban Robert. Kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi wake akiwa karani katika serikali hiyohiyo. Kisa chenyewe kinatokea katika nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Anapojitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mema ya kuifaa nchi yao, wakarudi nayo, na malipo yao yakawa kifungo.

Hapo mtetezi amepata hoja anayoitafuta. Anaweza kuwaambia wasikilizaji: “Ndugu mwenyekiti, mwandishi huyu hakuwa na uhuru wa kuwataja watawala wake kwa majina, akaipeleka nchi yake angani. Kitabu cha leo kinaweza kutueleza habari za ukoloni. Hiki kilifichwa ndani yake, na anayekisoma anajifunza jinsi maneno yanavyopita mahali ambapo mlango umefungwa.” Hoja hiyo ina kitabu, mwaka na sababu, na mpinzani hawezi kuifuta kwa kusema tu kwamba Kiswahili chake ni kigumu.

Baadaye huja sehemu inayowaangusha wengi: kujibu hoja za upande wa pili. Hoja yao nzito inaweza kuegemea Utendi wa Mwana Kupona. Mwanamke huyo wa Pate aliutunga 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Sehemu kubwa ya wosia huo inahusu utii na huduma kwa mume. Mpinzani atauliza kama hayo ndiyo tunayotaka wasichana wetu wafundishwe.

Mtetezi asijaribu kuuficha ukweli huo, wala asijifanye kwamba utendi unasema jambo jingine. Akubali, halafu aonyeshe tofauti kati ya kukisoma kitabu na kukifuata. Darasani mwanafunzi anaweza kuuliza mama huyu alikuwa anamkinga bintiye na nini, na katika mji ule mwanamke alikuwa na njia zipi za kuishi kwa usalama. Anaweza pia kuona kwamba zaidi ya miaka 160 iliyopita mwanamke wa pwani alitunga kwa vina na mizani, akaacha sauti yake mwenyewe. Utendi ukiondolewa, mawazo yale hayataondoka mitaani. Kinachoondoka ni mahali pa kuyajadili.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba wanafunzi hawasomi vitabu hivi, wanakariri miongozo. Ni kweli kwa wengi. Lakini mwongozo huandikwa kwa riwaya mpya pia, kwa hiyo kubadili kitabu hakuponyi ugonjwa huo. Swali la mtihani likiuliza wasifu wa mhusika tu, mwongozo unatosha. Likiweka kifungu na kutaka mtahiniwa aeleze kwa nini mwandishi alichagua maneno yale, aliyekariri ataonekana mara moja.

Mtunza muda akionyesha kwamba imebaki dakika moja, si wakati wa kuleta hoja mpya. Msemaji airudie ile ya kwanza kwa sentensi moja, kisha akae. Mfano wa namna ya kusimama mbele ya waamuzi umo katika kitabu anachokitetea. Karama hakuwaambia waamuzi wake kwamba elimu ni nzuri. Aliwasimulia safari sita, moja baada ya nyingine, na mwishowe mfalme akamwacha huru.